Vocha Tano za Mzee Kabiru

Mwaka ule wa themanini na nne unga uliadimika, na watu wa mitaa ya Jericho na Kaloleni, Nairobi, walipanga foleni tangu alfajiri wakingojea mahindi ya njano. Mzee Kabiru hakupanga foleni siku hiyo. Aliwapita wenzake akiwa amevaa koti lake la kanisani, akapanda ngazi iliyo kando ya duka la viatu, akabisha mlango wa ofisi ya Bwana Patrobas. Mkononi alikuwa na barua ya watu wa kodi ya mapato. Alikuwa ameikunja mara nne, kama mtu anayebeba kitu asichotaka kionekane.

Aliyemfungulia mlango ni Mbeti, karani wa ofisi hiyo. Mbeti alikuwa mwanamke wa miaka thelathini na moja, mzaliwa wa Kangundo, aliyesomea uwekaji hesabu madarasa ya jioni huku mchana akipima vitambaa katika duka la Mhindi. Kwa Patrobas alikuwa na miezi minane tu. Kazi ya ofisi ilikuwa kuwajazia watu fomu za kodi: walimu, wenye maduka, na wastaafu wachache wenye hisa. Patrobas alijiita mshauri wa kodi, na watu wa mitaa ile walimwamini kwa sababu alivaa tai hata siku za joto na alijua Kiingereza cha barua za serikali.

"Karibu, mzee. Keti hapa," Mbeti alisema.

"Asante, mama. Nimekuja kwa Bwana mkubwa. Nimeandikiwa kitu sikielewi."

Kabiru alikuwa dereva wa lori miaka ishirini na saba. Wenzake walipokuwa wakinunua ng'ombe na mashamba, yeye, kwa ushauri wa mhasibu mmoja wa kampuni, alikuwa akinunua hisa: mia leo, mia mbili mwakani. Sasa alikuwa nazo katika kampuni tatu, ya betri, ya rangi na ya chai. Hesabu za kichwani alizijua vizuri kuliko wengi waliosoma, lakini Kiingereza cha kwenye karatasi kilimshinda.

Patrobas alitoka chumba cha ndani, akaichukua barua, akaipitisha macho, akavuta pumzi ndefu.

"Mzee, umeniweka pabaya. Hawa wanasema mwaka jana ulificha mapato."

Kabiru alimtazama kama hakusikia.

"Nilificha nini?"

"Pesa za hisa. Kampuni zilipeleka orodha zao kule juu, na orodha zinasema ulipata zaidi ya ulichotangaza. Sasa wanataka kodi ya hizo ulizoficha, na faini mara mbili yake juu. Shilingi mia moja sitini na mbili na senti arubaini na tano."

"Lakini mimi nilikuletea karatasi zote. Kila hundi ilipokuja, nilikata kile kipande cha chini nikakileta hapa. Si nilikupa wewe mwenyewe?"

"Wazee husahau," Patrobas alisema kwa upole, na upole huo ulimkera Mbeti kuliko kama angefoka. "Pengine moja ilibaki chini ya godoro. Si neno. Nitakusafishia faili. Utalipa hiyo yao, na mia nne yangu ya usumbufu, na utatia sahihi barua ya kukiri kwamba hukunionyesha karatasi zote. Ukikiri mapema wanakuwa wapole. Usipokiri, mambo ya kuficha mapato yanafika kortini."

Kabiru hakuwa mtu wa korti. Alikuwa mzee wa kanisa. Sadaka ya Jumapili ilihesabiwa mbele yake, na kwa miaka kumi na miwili hakuna aliyewahi kumtilia shaka hata ya senti tano. Alisimama, akatafuta kofia yake, akaikosa ilhali alikuwa ameishika.

"Nipe siku chache nitafute hizo pesa," alisema.

Alipotoka, Patrobas aligeuka kwa Mbeti. "Andika hiyo barua kwa mashini. Ya kukiri. Akija atie sahihi."

Mbeti alivuta faili la Kabiru kutoka kabatini ili apate anwani. Hakukusudia kuchunguza chochote. Lakini alipolifungua, bahasha ya kaki ilianguka, na ndani yake mlikuwa na vocha tano zimebanwa kwa pini, kila moja imegongwa muhuri wa ofisi ile ile: imepokelewa, na tarehe. Ya mwisho ilipokelewa miezi mitatu kabla fomu ya Kabiru haijapelekwa.

Alizibandua, akazipanga mezani.

Vocha ya gawio si kitu cha kutisha ukishaijua. Kampuni inapogawa faida, humtumia mwenye hisa hundi, na pamoja na hundi kipande cha karatasi cha kuweka. Hundi huenda benki. Kipande hubaki kuwa ushahidi. Juu kuna jina la mwenye hisa na idadi ya hisa zake, kisha gawio la kila hisa moja. Halafu huja tarakimu tatu, na hizo tatu ndizo kazi yenyewe: jumla ya gawio kabla ya kukatwa kitu, kodi ambayo kampuni imeizuia na kuipeleka serikalini kwa jina lake, na malipo halisi, yaani kile kilichoandikwa kwenye hundi. Ya kwanza ukitoa ya pili lazima ikupe ya tatu. Isipokupa, umesoma vibaya au wao wamekosea.

Mbeti alianza na kampuni ya betri. Hisa elfu moja na mia mbili. Gawio la katikati ya mwaka lilikuwa senti arubaini kwa hisa: jumla mia nne na themanini, kodi sabini na mbili, malipo mia nne na nane. La mwisho wa mwaka lilikuwa senti tisini: jumla elfu moja na themanini, kodi mia moja sitini na mbili, malipo mia tisa na kumi na nane. Ya kampuni ya chai ilikuwa moja tu, hisa mia nane kwa shilingi moja na robo: jumla elfu moja, kodi mia moja na hamsini, malipo mia nane na hamsini. Kampuni ya rangi, hisa mia tano: kwanza mia tatu, kodi arubaini na tano, malipo mia mbili hamsini na tano. Vocha ya pili ya rangi ilikuwa imelowa mafuta, na tarakimu mbili za kwanza, jumla na kodi, hazikusomeka. Lakini idadi ya hisa ilionekana, na gawio la kila hisa lilionekana, shilingi moja na nusu. Akazidisha: mia saba na hamsini. Akatoa kumi na tano kwa kila mia, maana ndicho kiwango kilichokatwa kwenye zile nne nyingine: mia moja kumi na mbili na nusu. Ikabaki mia sita thelathini na saba na nusu, na hiyo ndiyo iliyosomeka chini, safi kabisa, mahali pa malipo.

Akajumlisha. Jumla zote kabla ya kodi, elfu tatu mia sita na kumi. Kodi yote, mia tano arubaini na moja na nusu. Malipo yote, elfu tatu sitini na nane na nusu.

Ndipo akageuza ukurasa wa rekodi ya mapato, ule aliojaza Patrobas kwa mkono wake. Kulikuwa na safu tatu zimechorwa kwa rula. Katika safu ya jumla, Patrobas alikuwa ameandika elfu tatu sitini na nane na nusu. Safu ya kodi iliyokatwa ilikuwa na kistari. Safu ya malipo haikuwa na kitu. Nyuma ya ukurasa kulikuwa na nakala ya kitabu cha benki cha Kabiru, na kando ya kila hundi alama ya kalamu nyekundu. Patrobas hakuwa amesoma vocha hata moja. Alinakili kilichoingia benki akakiita jumla, basi.

Mbeti alivuta kalamu na karatasi nyingine.

Maana halikuwa kosa la upande mmoja. Kwanza, mapato yalipungua kwa mia tano arubaini na moja na nusu, na hizo ndizo "zilizofichwa". Pili, kodi ile ile ya mia tano arubaini na moja na nusu, ambayo kampuni zilikuwa zimekwisha kuilipa kwa niaba ya mzee, haikudaiwa popote. Serikali ikamtoza upya kana kwamba hajalipa hata ndururu. Kipato chote cha Kabiru kilikuwa katika ngazi ya chini, shilingi kumi kwa kila mia. Misamaha yake ya kodi ilikuwa imekwisha kumezwa na pensheni na vyumba viwili alivyopangisha Dandora. Kwa magawio yale alipaswa kutozwa mia tatu sitini na moja tu. Zilikuwa zimekatwa mia tano arubaini na moja na nusu kabla hata hajaiona hundi. Na juu ya hizo, kwa fomu ya Patrobas, alikuwa ametoa mfukoni mia tatu na sita na senti themanini na tano nyingine.

Mzee hakuwa na deni. Mzee alikuwa anadai.

Aliingia chumba cha ndani na karatasi zote mkononi.

"Bwana Patrobas, vocha za Mzee Kabiru ziko hapa. Zote tano. Zina muhuri wetu."

Patrobas hakuinua kichwa. "Najua ziko hapo."

"Wewe uliandika malipo mahali pa jumla. Na kodi hukuidai."

"Mbeti, wakati wa fomu nakuwa na mafaili thelathini na zaidi. Nikikaa kusoma kila kikaratasi cha senti arubaini nitamaliza Krismasi. Benki imeonyesha pesa zilizoingia, nimeandika pesa zilizoingia. Tofauti yenyewe ni kitu gani? Mia tano."

"Tofauti ni kwamba ameambiwa alificha."

"Ataambiwa, atalipa, atasahau. Sasa wewe unataka niandike nini huko? Kwamba ofisi yangu haijui kusoma vocha? Nani ataleta faili hapa tena, na mshahara wako utatoka wapi?" Sasa alimtazama. "Andika barua."

"Na hayo mafaili mengine thelathini?"

Patrobas alifungua mtoto wa meza, akatoa sigara.

Mbeti alirudi kwenye mashini, akatia karatasi, akakaa akiitazama. Saa ya kufunga ilipofika karatasi ilikuwa bado nyeupe. Wiki ile yote alisema mashini imekwama utepe, na kila Patrobas alipotoka, alifungua faili jingine lenye hisa. Alifungua tisa. Saba yalikuwa vile vile: malipo mahali pa jumla, kistari mahali pa kodi. Mjane mmoja wa mtaa wa Umoja, mwalimu Wacuka wa Maringo, fundi cherehani wa Bahati. Wote walikuwa wakitozwa mara mbili na kumlipa mtu kwa kazi hiyo.

Jumamosi alasiri alikwenda Kaloleni, akauliza nyumba ya Mzee Kabiru. Alimkuta ameketi kibarazani na mkewe Wacera, mama mnene mwenye sauti ya kuamuru, akichambua maharagwe. Mbeti alisalimu, akapewa kigoda na chai, akaeleza yote bila kuficha neno. Alikuwa ameziandika tarakimu kwenye daftari la shule, safu tatu, na alimwonyesha mzee kila mstari kwa kidole.

Alitarajia mzee afurahi. Kabiru aliweka kikombe chini.

"Wewe ulikuwepo Jumatatu," alisema. "Ulikuwa umekaa pale nikiitwa mwongo."

"Nilikuwa sijaona karatasi, baba."

"Jumatatu hiyo hiyo uliziona. Leo ni Jumamosi."

Mbeti alifunga daftari. Ni kweli alikuwa ameogopa. Alikuwa na mama Kangundo aliyengoja pesa kila mwisho wa mwezi, na mwaka wa njaa si mwaka wa kupoteza kazi. Lakini hakulisema hilo, kwa sababu kila mtu Kaloleni alikuwa na mama mahali.

"Mwambie ulichofanya," Wacera alimwambia mumewe, bila kuacha kuchambua. "Mwambie, au nimwambie mimi."

"Niliuza za chai," Kabiru alisema.

"Zote mia nane," Wacera alisema. "Alhamisi alikwenda mjini kwa dalali wa hisa akauza zote, kwa bei aliyoikuta, kama mtu anayeuza mbuzi mgonjwa. Namuuliza, deni halifiki mia sita, kwa nini zote? Ananiambia hataki tena karatasi zenye jina lake katika nyumba hii. Jumatatu alikuwa auze na za rangi."

"Nilitaka yaishe," Kabiru alisema. "Nililala nikiona watu wa kanisa wananihesabu mimi, badala ya mimi kuhesabu sadaka."

Mbeti alizijua hisa zile za chai. Shilingi elfu moja kwa mwaka. Dalali hazirudishi kwa sababu mtu amegundua alidanganywa. Hapo ndipo hasira yake ilipotulia ikawa kitu kigumu, kitu cha kushika mkononi.

"Barua inatoa siku thelathini za kupinga," alisema. "Zimebaki kumi na tisa. Tunahitaji vocha zenyewe. Jumatatu twende tukazichukue."

"Za rangi haziuzwi," Wacera alisema, na neno hilo likapita.

Jumatatu Kabiru alipanda tena ngazi za duka la viatu. Patrobas alimpokea kwa tabasamu. "Umeleta, mzee?"

"Nimekuja kuchukua vocha zangu."

Tabasamu lilikwenda upande. Patrobas alimtazama Mbeti, akaelewa. "Faili ni la ofisi," alisema. "Mteja akitaka faili lake analipa kwanza anachodaiwa. Mia nne."

"Mia nne za nini?" Kabiru aliuliza. Hakupaza sauti. Alikuwa dereva aliyezoea kuzungumza na polisi wa barabarani, na alijua sauti ya chini husikika zaidi. "Nilikulipa mwaka jana usome karatasi tano. Hukusoma. Ulichukua pesa zangu kwa kunakili kitabu cha benki, kazi ambayo mjukuu wangu wa darasa la nne angeifanya bure. Halafu ulinikalisha kwenye kiti hiki ukaniambia wazee husahau. Mimi nimesahau nini, Patrobas? Niambie kitu kimoja nilichosahau."

"Mzee, tuheshimiane."

"Niliketi hapa nikakuheshimu mpaka nikauza mali yangu."

Mbeti alifungua kabati, akaitoa bahasha ya kaki, akamkabidhi Kabiru kwa mikono miwili. "Vocha zina jina lake," alimwambia Patrobas. "Si za ofisi. Yakusanye makaratasi yako mengine, hizi ni mali ya mtu."

"Ukitoka na yeye usirudi."

Alichukua mkoba wake.

Ofisi ya kodi mjini ilikuwa na foleni ndefu kuliko ile ya unga. Walifika kaunta saa sita kasoro. Ofisa aliyewahudumia aliitwa Owino, kijana aliyenyoosha shati vizuri na aliyechoka mapema. Alisoma barua ya kupinga ambayo Mbeti aliiandika usiku wa Jumapili, kisha akazipokea vocha, akazilaza kando ya orodha za kampuni, akazifuata moja moja kwa ncha ya kalamu. Kwenye ile ya mafuta alisimama.

"Hii jumla haisomeki."

"Hisa mia tano, shilingi moja na nusu," Mbeti alisema. "Na malipo yanasomeka. Yanalingana."

Owino alizidisha pembeni ya karatasi, akatazama orodha ya kampuni ya rangi, akatikisa kichwa kukubali. "Jumla tulikuwa nayo kutoka kwa kampuni," alisema. "Lakini kupunguziwa kodi iliyokatwa ni lazima mwenyewe aidai na alete vocha. Hapa paliandikwa kistari. Sisi hatuwezi kumdaia mtu." Akapiga hesabu mara mbili. "Kodi ya nyongeza inaondoka, na faini. Halafu mzee anarudishiwa mia nne themanini na saba na senti thelathini na tano. Hundi itachukua miezi. Ingoje kwa posta. Nani aliijaza fomu hii?"

"Mtu niliyemlipa," Kabiru alisema.

"Andika jina lake hapa." Kabiru aliliandika polepole, kwa herufi kubwa. Owino aligonga muhuri, akasukuma nakala. "Tumemaliza. Anayefuata."

Kabiru hakusogea.

"Bado kitu kimoja, bwana. Barua yenu ilisema nilificha mapato. Nataka barua nyingine iseme sikuficha."

"Mzee, hii nakala inasema makadirio yamerekebishwa. Inatosha."

"Haitoshi. Kurekebishwa si kusema. Mtu akiona hii atafikiri nimebembeleza nikapunguziwa."

"Hatuna fomu ya namna hiyo."

"Mlikuwa na fomu ya kuniita mwongo."

Watu wa nyuma walianza kunung'unika, kisha mmoja wao, mwanamume mwenye ovaroli la gereji, akasema, "Mwacheni mzee aseme." Owino aliwatazama, akamtazama Kabiru. Mzee alikuwa ameweka mikono yote miwili juu ya kaunta, mikono ya usukani.

"Nimeuza hisa mia nane kwa ajili ya neno hilo," Kabiru alisema. "Hizo hamtanirudishia, na siwadai. Nadai mstari mmoja."

Owino alivuta nakala ile. Kwa mkono wake, chini ya muhuri, aliandika kwamba magawio yote ya mwaka ule yalithibitishwa kwa vocha, kwamba mlipaji hakuficha mapato yoyote, na kwamba kosa lilikuwa la aliyejaza fomu. Akatia sahihi na tarehe, akagonga muhuri mara ya pili. Kabiru alimpa Mbeti amsomee kwa Kiswahili. Akamwambia asome tena. Kisha akaikunja mara moja tu na kuitia mfuko wa ndani wa koti.

Walianza safari ya kurudi. Karibu na Makadara, Kabiru alisema, "Jumamosi ile nilikuwa mkali."

"Ulikuwa sawa, baba. Nilichelewa siku tano."

"Ulichelewa," alikubali. "Lakini ulikuja."

Patrobas alimtumia Mbeti ujumbe siku ya tatu, kwa mwanamke wa duka la viatu. Watu wa kodi walikuwa wamemwandikia wakitaka kuona mafaili yote ya wateja wenye hisa. Mbeti alipokwenda alimkuta ametapakaza vocha sakafuni, tai imelegea. Patrobas alimwambia atamwongezea mia mbili kwa mwezi. Arudi, asome zote, ajaze safu zote tatu upya, wapeleke marekebisho kimyakimya, na mambo yaishe.

"Nitazisoma zote," Mbeti alisema. "Lakini kila mtu apelekewe barua yenye sahihi yako, kwamba ulinakili benki na hukusoma vocha zake, na kwamba ana pesa za kudai."

"Hilo haliwezekani. Marekebisho tutafanya. Barua ya kujianika, hapana."

"Basi hutawarekebishia. Utajirekebishia wewe."

"Unafikiri nani atakuajiri, mwanamke uliyemuuza mwajiri wako?"

Hakujua nani, na swali lilimuuma, kwa sababu lilikuwa swali la haki kutoka kwa mtu asiye na haki. Alidai mshahara wake wa wiki tatu. Akapewa wa wiki mbili. Aliuhesabu mbele yake, akamwambia umepungua, akangoja. Patrobas alitoa sigara nyingine. Mbeti akashuka ngazi.

Yale majina saba alikuwa nayo kichwani, na mitaa yao pia. Alianza na Maringo kwa sababu ilikuwa karibu. Mwalimu Wacuka alifungua mlango akiwa na chaki bado kwenye vidole, akamtambua karani wa Patrobas, akaanza kuomba radhi kwamba hajamaliza kulipa ada ya mwaka huu.

"Sikuja kudai, mwalimu," Mbeti alisema. "Nimekuja kukuuliza kitu. Kampuni ikikuletea hundi ya hisa, huwa inakuja na kipande cha karatasi chini yake. Vyako ulimpa Patrobas vyote?"

"Vyote. Aliniambia havina kazi tena."

"Vaa viatu, twende tukavichukue," Mbeti alisema. "Nitakueleza njiani."